Tusimlishe Mwananchi Maneno

(Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanaharakati na wawakilishi wa makanisa waliokuwa wakijiandaa kukusanya maoni ya wananchi kuhusu ugawaji wa basari za shule katika wadi yao. Tumeyachapa kama yalivyotamkwa, ila marudio machache yameondolewa.)



Mlinitumia hojaji yenu wiki iliyopita mkaniomba niitazame kabla haijapelekwa kwa mpiga chapa. Nimeitazama. Ina maswali manne tu, na hilo ni jambo jema, kwa maana wengi huanza na arobaini. Nia yenu naifahamu: mnataka kwenda mbele ya bunge la kaunti mkiwa na maoni ya wananchi mkononi, na Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge hilo liwashirikishe wananchi katika shughuli zake. Lakini nawaomba mniwie radhi nikisema kwamba karatasi hii, kama ilivyo, ingewapa kamati ya basari silaha ya kuwapiga nayo. Mwanakamati yeyote mwenye akili angeisoma kwa dakika mbili, kisha angesema, "Hawa hawakuwauliza wananchi. Waliwalisha maneno." Na angekuwa amesema kweli.

Basi leo sitatoa mhadhara wa vitabuni. Nitayachukua maswali yenu manne, tuyafungue moja moja, tuyashone upya.

Swali lenu la kwanza linasema: "Je, unakubali kwamba basari katika wadi yetu hugawanywa kwa upendeleo?" Jibu ni Ndiyo au La.

Hapa pana makosa mawili, na moja linaonekana kwa macho. Aliyeandika swali amekwisha kutoa hukumu, na sasa anatafuta wa kumwitikia. Neno "upendeleo" ni neno la lawama. Halielezi jambo, linalihukumu. Mwenye kuulizwa hasikii swali, anasikia upande ambao muulizaji amesimama. Tena kitenzi chenyewe, "kukubali", kina mlango wa nyuma. Katika Kiswahili chetu mtu hukubali maoni, lakini pia hukubali kosa, na hukubali mzigo. Mama mmoja aliyepewa basari ya mwanawe mwaka uliopita anaweza kulisikia swali hili kana kwamba anaambiwa akiri kuwa alipendelewa.

Kosa la pili limejificha, nalo ndilo kubwa zaidi. Hata tukiliondoa neno "upendeleo", swali linalomtaka mtu akubali au akatae kauli moja huvuta majibu kuelekea kukubali. Si uongo, ni adabu. Mgeni amekuja mlangoni, amebeba kalamu na karatasi, amesalimu vizuri, ametoka kanisani au ofisini. Nani atamwambia "La"? "Ndiyo" haina gharama, na humwondoa mgeni kwa amani.

Jambo hili limepimwa. Huko Marekani, katika mwaka wa 1974, watafiti waliwagawanya watu wa uchunguzi mmoja katika mafungu bila kuwachagua. Fungu moja liliulizwa kama linakubaliana na kauli kwamba watu binafsi ndio wa kulaumiwa zaidi kwa uhalifu nchini kuliko hali za jamii. Karibu 60 katika kila 100 walikubali. Fungu jingine lilipewa kauli hiyo ikiwa imepinduliwa: kwamba hali za jamii ndizo za kulaumiwa zaidi kuliko watu binafsi. Hapo nako karibu 57 katika kila 100 walikubali. Hebu zijumlisheni hesabu hizo mwone. Haiwezekani wananchi walio wengi wa nchi moja wakaamini mambo mawili yanayopingana. Howard Schuman na Stanley Presser, walioyaeleza majaribio haya katika kitabu chao cha 1981, waliuliza pia kwa njia ya tatu: waliweka pande zote mbili mbele ya mtu wakamwambia achague mmoja. Hapo waliolaumu watu binafsi wakashuka hadi karibu 46 katika kila 100. Wengi waligeuka kuwa wachache, na hakuna aliyebadili mawazo yake. Kilichobadilika ni swali.

Basi dawa ni ile ile: wekeni pande zote mbili mezani, kwa maneno yenye uzito sawa, na mwacheni mtu achague. Napendekeza hivi: "Watu wengine husema kwamba hapa wadini basari hupewa zaidi wale wanaojulikana na wanakamati. Wengine husema kwamba hupewa zaidi wale wenye shida kubwa. Kwa maoni yako, usemi upi ulio karibu zaidi na hali ilivyo?" Angalieni kwamba sikusema "wengi husema", kwa sababu mtu hupenda kuwa pamoja na wengi. Nimesema "watu wengine" kwa pande zote mbili. Sikuandika "wenye haki" wala "wala rushwa". Nimeeleza kitendo, hukumu nimemwachia yeye. Tena pande mbili zina urefu unaokaribiana. Upande mmoja ukiwa na mistari minne na wa pili nusu mstari, ule mrefu unakuwa umepigiwa kampeni.

Je, pande mbili zinatosha? Wako watakaosema yote mawili ni kweli, na wako wasiojua. Karani awe na mahali pa kuandika majibu hayo yakijitokeza yenyewe, lakini asiyasome kwa sauti. Akiyasoma, watu waoga watakimbilia huko kwa wingi.

Swali la pili: "Je, kamati ya basari ni ya haki na hufanya kazi kwa haraka?" Ndiyo au La.

Tuseme mmewauliza watu 100 na 60 wamejibu La. Mnasimama mbele ya bunge la kaunti, mnasema watu 60 katika 100 hawaioni kamati kuwa ya haki. Mwenyekiti wa kamati anainuka na kusema, "Sivyo. Watu 60 wamelalamika kwamba tunachelewa, na tunachelewa kwa sababu fedha hutufikia kwa kuchelewa." Mtamjibu nini? Hamna jibu, kwa kuwa karatasi zenu hazikutenganisha mambo hayo mawili. Mtu aliyeona kamati ni ya haki lakini polepole alijibu La. Aliyeona ni ya haraka lakini dhalimu, naye La. Aliyechukia yote mawili, La. Watu wa aina tatu wametiwa katika gunia moja, na gunia likishashonwa halifunguliki tena.

Ninyi mlio hapa mmekwisha kuonja swali la namna hii katika maisha yenu. Tarehe 4 Agosti 2010 tuliitwa kupiga kura kuhusu Katiba mpya, yote nzima, kwa Ndiyo au La. Baraza la Kitaifa la Makanisa na maaskofu wa Kanisa Katoliki walikuwa wamewataka waumini waikatae, hasa kwa sababu ya vifungu vinavyohusu mahakama za Kadhi na utoaji mimba. Lakini ndani ya makanisa hayo hayo walikuwamo watu walioutaka ugatuzi na orodha ya haki kwa moyo wao wote. Mkristo wa namna hiyo alipoingia kibandani alikuwa na majibu mawili moyoni na karatasi moja mkononi. Karibu watu 67 katika kila 100 walisema Ndiyo. Matokeo hayo yalitupa Katiba, lakini hayatuambii wananchi walifikiri nini kuhusu kifungu hiki au kile, na yeyote anayedai kuyasoma humo anajisomea mwenyewe. Sisemi kwamba kura ile iliandikwa vibaya. Katiba nzima haina budi kupita au kuanguka kwa pamoja. Suala hili lilirudi mahakamani wakati wa mswada wa BBI: mwaka 2021 Mahakama Kuu ilisema kila pendekezo la marekebisho liwekewe swali lake katika kura ya maoni, na tarehe 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu ikasema wakati wa kuliamua jambo hilo ulikuwa haujafika. Mawakili na waendelee nalo. Hojaji yenu haina shida hiyo. Hakuna sheria inayowakataza kuuliza maswali mawili.

Wengine hufundisha kwamba ukiona neno "na" au "au" katika swali, ulikate. Huo ni upanga butu. "Je, wazazi na walezi waliarifiwa kuhusu fomu?" lina "na", lakini halina ubaya mkubwa. Kipimo cha kweli ni hiki: je, mtu mwaminifu anaweza kusema Ndiyo kwa nusu ya kwanza na La kwa nusu ya pili? Akiweza, swali ni mawili. Na kipimo hicho kitawakamatia hata maswali yasiyo na "na" hata moja. Chukueni hili: "Je, uliacha kuomba basari kwa sababu ya upendeleo?" Humo mna tukio, yaani kuacha kuomba, na mna sababu. Aliyeacha kuomba kwa kuwa mwanawe amemaliza shule atajibu nini? Na yule ambaye hakuacha kuomba kamwe?

Kwa hiyo swali lenu la pili nimelivunja, na lilipovunjika nikaona kwamba nusu yake haikuwa swali la maoni hata kidogo. Haraka si maoni, ni siku za kuhesabiwa. Tuanze basi na mlango: "Je, katika mwaka wa shule uliopita, kuna mtu yeyote katika nyumba hii aliyeomba basari?" Asiyeomba anarukishwa, asije akatoa hukumu juu ya ofisi ambayo hakuigusa. Aliyeomba anaulizwa: "Kutoka siku mliyorudisha fomu hadi siku mliyopata jibu, ulipita muda gani?" Majibu yawe: chini ya mwezi 1, mwezi 1 au zaidi, lakini chini ya miezi 3, miezi 3 au zaidi, hatujapata jibu hadi leo. Nimeona hojaji nyingi zilizoandika "mwezi 1 hadi 3" kisha "miezi 3 hadi 6". Aliyengoja miezi 3 kamili aende wapi? Kila jibu liwe na chumba chake kimoja, na kila mtu awe na chumba. Hilo la mwisho, "hatujapata jibu", msilisahau, maana pengine ndilo litakalojaa.

Tena msiseme "basari" mkanyamaza. Kwa miaka mingi fedha hizi zimekuwa zikitoka katika mikono zaidi ya mmoja: mfuko wa maeneo bunge, kaunti, wahisani, hata makanisa yenyewe. Mzazi mashinani hajali hela zimetoka kwa nani. Msipomtajia, atailaumu kamati ya wadi kwa makosa ya ofisi ya mbunge, nanyi mtayapeleka malalamiko hayo kwenye mlango usio wake. Andikeni "basari ya kaunti, ile ambayo fomu zake hutolewa" mahali fulani, mkataje mahali penyewe wanapopajua.

Sasa naja kwenye swali la tatu, na hapa naomba kukiri kosa langu mwenyewe. Swali lenu linasema: "Je, hujapata basari mwaka huu?" Mimi niliwahi kuandika swali la namna hiyo, miaka kadhaa iliyopita, katika uchunguzi mdogo uliohusu dawa za zahanati. Niliuliza, "Je, hujawahi kunyimwa dawa?" Karatasi zikarudi mamia. Nikaanza kuhesabu "Ndiyo" na "La", na mchana huo huo nikagundua kwamba sijui ninachohesabu.

Sikilizeni. Katika Kiswahili, mtu akiulizwa "Hujapata?" naye hajapata, hujibu "Ndiyo", maana yake: ndiyo, ni kama ulivyosema, sijapata. Ndivyo tunavyosema tangu utotoni. Lakini aliyekaa shuleni miaka mingi akizungumza Kiingereza amezoea kujibu "La", maana yake: la, sijapata. Watu wawili waliokosa basari, majirani wa ukuta mmoja, mmoja ameandika Ndiyo na mwenzake La. Na hakuna karani anayeweza kuwatambua baadaye. Swali lile langu nililifuta lote. Dawa za watu wale hazikuhesabiwa.

Msidhani hili ni tatizo la Kiswahili peke yake. Mwaka 1992 kampuni ya Roper, ya watu mashuhuri kabisa katika kazi hii huko Marekani, iliwauliza wananchi kuhusu mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi. Swali liliwataka waseme kama waliona inawezekana au haiwezekani kwamba mauaji hayo hayakutokea kamwe. Oneni mafundo mawili ya ukanusho: "haiwezekani" na "hayakutokea". Aliyejua vizuri kwamba mauaji yalitokea alipaswa kusema "haiwezekani kwamba hayakutokea". Watu 22 katika kila 100 wakajibu "inawezekana", na 12 wakasema hawajui. Nchi ikashtuka, magazeti yakalia kwamba theluthi ya Wamarekani wanatilia shaka jambo lililoshuhudiwa na ulimwengu. Mwaka 1994 kampuni hiyo hiyo ikauliza tena kwa maneno yaliyonyooka: je, unaona inawezekana kwamba hayakutokea, au una hakika kwamba yalitokea? Walioona inawezekana kwamba hayakutokea walikuwa karibu mtu 1 katika kila 100. Kwa fundo moja la sarufi, taifa zima lilikuwa limesingiziwa.

Basi ulizeni: "Je, mwanafunzi yeyote wa nyumba hii alipata basari ya kaunti mwaka huu?" na majibu yasiwe Ndiyo na La peke yake. Andikeni: "Alipata" na "Hakupata". Jibu likibeba kitenzi chake, haliwezi kugeuka njiani. Nimesema "wa nyumba hii", sikusema "mtoto wako", kwa sababu wengi wetu tunasomesha wapwa, wadogo zetu, na mayatima wa jamaa. "Mtoto wako" kwa mmoja ni aliyemzaa, kwa mwingine ni kila anayelala chini ya paa lake.

Limebaki la nne, nalo ndilo linalonifurahisha kuliko yote, kwa maana hapa lugha yetu yenyewe hututega. Mmeuliza: "Unaridhika kiasi gani na ugawaji wa basari?" Majibu: Naridhika sana; Naridhika; Naridhika kidogo; Siridhiki.

Kwanza hesabuni ngazi. Tatu zinapanda, moja inashuka. Mwananchi akiiona ngazi kama hiyo hufikiri kwamba jibu la kawaida liko katikati, na katikati yenu ni kuridhika. Ajabu ni kwamba ninyi ndio mnaolalamika, na mmejitengenezea mizani inayoisifu kamati! Idadi ya vidato upande wa kuridhika na upande wa kutoridhika iwe sawa.

Mtasema, vyema, tuandike "Naridhika sana, Naridhika, Siridhiki, Siridhiki sana". Hapo ndipo mtego ulipo. "Siridhiki sana" ni nini? Mmoja husikia kwamba kutoridhika kwake ni kukubwa. Mwingine husikia kwamba anaridhika, ila si sana. Jibu moja linakaa kwenye ncha ya mwisho kwa huyu, na karibu na katikati kwa yule. Ni hivyo hivyo kwa "sikubaliani sana" na "siamini sana". Ukanusho ukikutana na "sana", msiuamini. Kwa ncha ya chini tumieni "Siridhiki hata kidogo". Hiyo haina maana mbili. Na mkifika kwenye maswali ya mara ngapi, kaeni mbali na "mara kwa mara". Kwa wengine ni kila siku, kwa wengine ni mara moja moja. Ulizeni idadi: hakuna hata mara moja, mara 1, mara 2 au 3, mara 4 au zaidi.

Kwa kuwa wengi wa mtakaowauliza watasomewa maswali kwa sauti, wala hawataishika karatasi, napendelea ngazi ipandwe kwa hatua mbili. Kwanza: "Kuhusu namna basari ya kaunti ilivyogawanywa mwaka huu, wewe umeridhika au hukuridhika?" Akisema ameridhika, aulizwe: "Umeridhika sana, au kiasi tu?" Akisema hakuridhika: "Hukuridhika hata kidogo, au kuna sehemu uliyoiona nafuu?" Mmepata vidato vinne vilivyo sawa, na mzee wa miaka 80 hakulazimika kukumbuka orodha ya maneno manne yanayofanana.

Je, tuweke kidato cha katikati? Wataalamu wamebishana juu ya hili tangu Rensis Likert alipotoa ngazi yake ya majibu mwaka 1932, nami sitawachosha. Shauri langu ni moja: "katikati" na "sijui" msiviweke katika chumba kimoja. Mtu anayeona wema na ubaya vikiwa sawa ana maoni. Asiyejua hana maoni, na pengine hata hajawahi kusikia kwamba kuna basari, jambo ambalo mngependa sana kulijua.

Kijana mmoja aliniuliza nilipokuwa nikiingia kwa nini tusiwape watu waitie kamati maksi, kama mtihani. Yawezekana, lakini namba nazo huzungumza. Mwaka 1991 Norbert Schwarz na wenzake walitoa matokeo ya jaribio lililofanywa Ujerumani. Watu waliulizwa wamefaulu kiasi gani maishani. Wengine walipewa ngazi ya 0 hadi 10, na wengine ngazi ya vidato hivyo hivyo 11, ila iliandikwa kutoka -5 hadi +5. Kwenye ngazi ya 0 hadi 10, watu 34 katika kila 100 walijiweka kutoka 5 kushuka chini. Kwenye ile nyingine, kutoka 0 kushuka chini, walikuwa 13 tu. Maneno ya kwenye ncha za ngazi yalikuwa yale yale. Ila 0 ya ngazi ya kwanza ilisikika kama kukosa mafanikio, na -5 ikasikika kama kuanguka kabisa, na watu hawapendi kusimama kwenye upande wa kuanguka. Mkitaka maksi, basi chagueni ngazi moja, mwitumie hiyo hiyo mwaka huu na mwaka ujao, na msilinganishe maksi zenu na za wadi iliyotumia ngazi nyingine.

Maswali yakishashonwa, msikimbilie mpiga chapa. Watafuteni watu kumi wasio wa kundi lenu: mama muuza mboga, mzee asiyesoma, mwalimu, kijana wa bodaboda, na mtu mmoja aliyepata basari na ameridhika. Msomeeni kila mmoja swali, apate kujibu, kisha mwulizeni: "Mimi nimekuuliza nini? Niambie kwa maneno yako." Halafu nyamazeni. Akikurudishia swali jingine tofauti na ulilouliza, kosa ni la karatasi, si lake. Akiuliza "Kamati ipi?" andikeni. Akisita kabla ya kujibu, mwulizeni alikuwa akipima nini. Kumi hao hawawezi kuwapa hesabu ya wadi, na msiwatangaze popote. Kazi yao ni kuonyesha mahali nguo inapobana.

Na kwa swali lile la kwanza lenye pande mbili, fanyeni jambo moja zaidi. Mara nyingi upande uliosomwa mwisho hukaa sikioni. Chapeni karatasi za rangi mbili: nyeupe ianze na "wanaojulikana", manjano ianze na "wenye shida kubwa". Mzichanganye moja kwa moja, nyeupe, manjano, nyeupe, manjano, na karani achukue ile iliyo juu bila kuchagua. Msiwape akina mama nyeupe na vijana manjano, maana mkiona tofauti hamtajua imetoka kwa karatasi au kwa watu. Majibu ya rangi mbili yakikaribiana, mna ushahidi wa kumwonyesha yeyote kwamba hamkumsukuma mtu. Yakiachana sana, semeni wazi kwamba yameachana, na mtoe hesabu zote mbili.

Maneno mazuri hayatibu kila kitu. Mkiwauliza watu mlangoni mwa kanisa baada ya ibada, mmewauliza waliokuja ibada. Mkimwuliza mtu mbele ya chifu au mwanakamati, hata swali lililonyooka kama rula litapata jibu lililopinda. Walio na umri wangu wanakumbuka mlolongo wa 1988, raia akipanga foleni hadharani nyuma ya wakala wa mgombea, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 akahesabiwa kuwa amepita bila kupingwa. Swali lilikuwa rahisi. Waliokuwa wakitazama ndio walioandika jibu. Basi mwulizeni mtu peke yake, na jina lake msiliandike.

Nimemwachia katibu nakala ya maswali yaliyoshonwa upya. Yalikuwa manne, sasa yamekuwa saba, na yote yanaenea upande mmoja wa karatasi. Lile la "miezi mingapi" bado halijanikalia vizuri, kwa sababu wako watakaohesabu kutoka siku waliyochukua fomu, si siku waliyoirudisha. Wajaribuni watu wenu kumi nalo kwanza, kisha tukutane Jumamosi mniambie walisikia nini.